Sifuri Mbili Hazimlindi Mwekezaji

Kwenye ripoti za mifuko inayonunua hisa kwa mkono mmoja na kuuza za kuazima kwa mkono mwingine, kuna ukurasa ambao huwanyamazisha wenye maswali. Ukurasa huo una sifuri mbili. Ya kwanza inasema mfuko hauegemei sekta yoyote. Ya pili inasema beta ya mfuko ni sifuri, yaani soko likipanda au likishuka, mfuko hautikisiki. Wajumbe wa bodi wakishaziona sifuri hizo, mazungumzo huhamia kwenye ada na tarehe ya kusaini.

Napinga imani inayojengwa juu ya ukurasa huo. Inaaminiwa na mameneja, washauri, mabenki yanayokopesha mifuko hii, na walimu wa fedha vyuoni, na inawagharimu watu ambao fedha si zao, kama vile wastaafu.

Kwanza niieleze imani yenyewe kwa haki. Meneja huzigawa kampuni kwa sekta: benki na benki, nishati na nishati, teknolojia na teknolojia. Ndani ya kila sekta huzipanga kuanzia bora hadi dhaifu kwa vigezo vyake: bei ikilinganishwa na faida, uimara wa mizania, mwenendo wa bei wa miezi kumi na miwili iliyopita. Hununua zilizo juu. Zilizo chini huziazima kwa wakala, akaziuza, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ndogo na kuzirudisha. Dola anazonunulia katika kila sekta zinalingana na dola anazouzia, kwa hiyo mafuta yakishuka bei, hasara ya kampuni ya mafuta aliyoinunua inafidiwa na faida ya ile aliyoiuza. Linabaki tatizo moja: huenda hisa alizonunua haziitikii soko kwa nguvu sawa na alizouza. Hapo hupima beta. Hisa yenye beta ya 1.2 kwa kawaida hupanda asilimia 1.2 soko likipanda asilimia 1. Tofauti inayobaki kati ya pande mbili huifuta kwa mikataba ya bei ya baadaye ya fahirisi, ambayo kwa soko la Marekani mara nyingi ni E-mini ya S&P 500, inayouzwa Chicago tangu 1997. Baada ya hapo, wanasema, kilichobaki ni ustadi wa kuchagua hisa peke yake.

Mantiki hiyo ina mizizi mirefu. Alfred Winslow Jones alianza kununua na kuuza kwa pamoja mwaka 1949, kabla ya mikataba ya fahirisi kuwapo. Lakini kati ya mantiki na ukurasa wenye sifuri mbili kuna hatua nne ambazo hazivukiki salama.

Kwanza: sifuri ya beta ni makadirio, na makadirio hayo yanaegemea upande mmoja

Tuchukue mfuko wenye mtaji wa dola milioni 25. Umenunua hisa za milioni 50 na umeuza za kuazima za milioni 50, kila sekta ikiwa sawa pande zote. Meneja anapenda kampuni tulivu zenye faida ya uhakika, na anauza zile zenye madeni na ahadi nyingi. Kwa hiyo hisa alizonunua zina beta ya wastani ya 0.9, na alizouza zina 1.2. Upande wa kununua unalibeba soko kwa nguvu ya milioni 45, upande wa kuuza kwa nguvu ya milioni 60. Tofauti ni milioni 15 za kuuza. Soko likipanda, mfuko unaumia. Ili kufuta hilo, meneja ananunua mikataba ya fahirisi ya milioni 15. Fahirisi ikiwa pointi 5,000, mkataba mmoja wa E-mini una thamani ya dola 50 mara 5,000, yaani dola 250,000. Anahitaji mikataba 60. Ananunua 60, na kompyuta inaandika sifuri.

Sasa hizo beta zimetoka wapi? Zimetoka kwenye bei za mwaka mmoja au miwili iliyopita. Beta ya hisa moja iliyopimwa hivyo ina kosa kubwa la kipimo, ya 1.2 inaweza kabisa kuwa 1.0 au 1.4. Mameneja hujibu kwamba kwenye hisa mia mbili makosa hayo hufutana. Yangefutana kama yangekuwa ya bahati nasibu. Lakini Marshall Blume alionyesha tangu 1971 kwamba beta kubwa zilizopimwa leo hushuka kuelekea 1 katika kipindi kinachofuata, na ndogo hupanda kuelekea 1. Meneja wetu amekusanya zilizo ndogo upande mmoja na zilizo kubwa upande mwingine. Makosa yake yote yanaelekea upande mmoja, na kuongeza idadi ya hisa hakuyapunguzi hata kidogo.

Kuna marekebisho yanayojulikana na kila mchambuzi: chukua theluthi mbili za beta iliyopimwa, ongeza theluthi moja. 0.9 inakuwa 0.93, na 1.2 inakuwa 1.13. Tofauti kati ya pande mbili inashuka kutoka 0.3 hadi 0.2, na mikataba inayohitajika inashuka kutoka 60 hadi 40. Mikataba 20 ya ziada si kinga tena. Ni dola milioni 5 zilizowekwa kwenye soko bila mwekezaji kuambiwa.

Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020, S&P 500 ilishuka takriban asilimia 34. Kwa milioni 5 hizo, kama meneja hakuzigusa, hasara ni dola milioni 1.7, karibu asilimia 7 ya mtaji, kutokana na soko ambalo mfuko uliapa hauna uhusiano nalo. Upande wa pili unaniudhi zaidi. Mwaka ambao soko linapanda asilimia 20, milioni 5 hizo zinaleta faida ya dola milioni 1. Meneja anayetoza sehemu ya tano ya faida anachukua dola 200,000, na ripoti inaziita ustadi wa kuchagua hisa. Kuifuata fahirisi kupitia mfuko wa kawaida kungemgharimu mwekezaji sehemu ndogo ya hizo.

Wapo mameneja wanaorekebisha beta zao. Hata wao wanatumia wastani wa historia, na wastani haujui kwamba wiki ijayo benki zitaanza kwenda pamoja na kampuni za bima zaidi kuliko zilivyozoea. Kipimo cha kweli kiko mkononi mwa mwekezaji: alinganishe matokeo ya mfuko ya kila siku na ya fahirisi, kisha atenge siku ambazo soko lilianguka vibaya azipime peke yake. Mfuko wenye sifuri kwa wastani wa mwaka unaweza kuwa na beta nzito katika siku hizo, na ndizo siku alizonunulia kinga.

Pili: kinga ya beta inaiharibu sifuri ya sekta

Hili ni kosa la hesabu ya wazi, na sielewi kwa nini linavumiliwa.

Fahirisi ina sekta ndani yake. Mwaka 2024 teknolojia ilikuwa karibu asilimia 30 ya thamani ya S&P 500. Meneja aliyenunua mikataba ya milioni 15 amenunua ndani yake takriban milioni 4.5 za teknolojia. Kabla ya kinga, teknolojia ilikuwa sawa pande zote mbili. Baada ya kinga, mfuko unaegemea teknolojia kwa asilimia 18 ya mtaji wake. Zaidi ya hapo, Apple, Microsoft na Nvidia pekee zilikaribia moja ya tano ya fahirisi nzima mwaka huo. Kama meneja alikuwa ameiuza mojawapo kwa kuiona ghali, mikataba yake inainunua tena mlango wa nyuma.

Ukurasa wa ripoti unabakije na sifuri mbili? Kwa kuzihesabu katika majedwali mawili. Jedwali la sekta linahesabu hisa tu na kuiacha mikataba nje. Jedwali la beta linahesabu vyote. Kila jedwali lina ukweli wake, lakini mfuko ni mmoja, na katika mfuko huo mmoja sifuri zote mbili hazipo kwa wakati mmoja.

Njia ya kutoka ipo, nayo inadai gharama. Meneja anaweza kulinganisha beta ndani ya kila sekta badala ya dola, akauza kidogo kuliko anavyonunua. Katika mfano wetu, angeuza hisa za milioni 37.5 badala ya 50, na asingehitaji mkataba hata mmoja. Lakini hapo dola za pande mbili hazilingani tena, na ukurasa mwingine wa ripoti unapoteza uzuri wake. Au anaweza kuzilazimisha sifuri zote tatu, za dola, beta na sekta, kwa kuacha baadhi ya hisa alizozipenda na kuchukua asizozipenda ili mizani ikae sawa. Basi amwambie mwekezaji kwamba sehemu ya hisa zilizomo hakuzichagua kwa ustadi wowote.

Tatu: sekta ni lebo

Mgawanyo wa sekta unaotumika zaidi, wenye sekta 11, unatunzwa na S&P na MSCI. Wanaugawa kwa shughuli kuu ya kampuni, na wakati mwingine wanabadili mawazo. Machi 2023 Visa na Mastercard zilihamishwa kutoka teknolojia kwenda huduma za fedha. Hakuna kilichobadilika katika biashara zao usiku ule, lakini mfuko uliokuwa umezisawazisha na kampuni za teknolojia uliamka ukiwa umeegemea sekta mbili. Ilibidi kununua na kuuza, na kulipa gharama, ili kuirudisha sifuri ambayo kiuchumi haikuwa imeondoka.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kampuni mbili zilizo chini ya lebo moja zinaweza kuishi katika dunia mbili tofauti. Tarehe 9 Novemba 2020, Pfizer na BioNTech walitangaza kwamba chanjo yao ya korona ilikuwa na ufanisi wa zaidi ya asilimia 90. S&P 500 ilifunga siku ikiwa juu kwa asilimia 1.2, siku njema ya kawaida. Carnival, kampuni ya meli za watalii, ilipanda asilimia 39. Amazon ilishuka asilimia 5. Zote mbili zimo katika sekta moja, ile ya bidhaa na huduma zisizo za lazima.

Fuata hesabu ya jozi hiyo. Meneja anayefuata mwenendo wa bei alikuwa na kila sababu ya kununua Amazon na kuuza Carnival, kwa kuwa mwaka mzima watu walikaa nyumbani wakiagiza vitu huku meli zikiwa zimetia nanga. Kanunua milioni 1, kauza milioni 1. Sekta ni sifuri. Tuseme beta ya Carnival ni 2 na ya Amazon ni 1. Basi amenunua pia mikataba ya milioni 1 ili beta iwe sifuri. Jioni ya siku ile amepoteza dola 50,000 kwa Amazon na 390,000 kwa Carnival. Mikataba ya fahirisi imemrudishia 12,000.

Na hasara haikuishia hapo. Hisa iliyouzwa kwa kuazima ina tabia ngumu: ikikugeuka, inakua. Carnival sasa ni deni la milioni 1.39, na Amazon imebaki milioni 0.95. Sekta haiko sifuri tena; imeegemea upande wa kuuza kwa dola 440,000. Sheria ya meneja mwenyewe inamtaka anunue Carnival baada ya kupanda asilimia 39 ili mizani irudi. Kanuni iliyowekwa kumlinda inamlazimisha kufanya biashara kwa bei mbaya kuliko zote, siku ambayo kila mwenye kanuni kama yake anafanya vivyo hivyo.

Nitaambiwa kwamba nimechagua jozi moja ya kutisha, na kwamba mfuko wenye jozi mia mbili hutawanya hatari. Siku ile kutawanya kulisaidia kidogo sana. Karibu kila sekta ilikuwa na waliofaidika na kufungiwa ndani na walioumizwa nako, na mwenendo wa bei ulikuwa umewapanga wote kwa mstari huohuo. Jozi mia mbili zilikuwa dau moja lililogawanywa mara mia mbili: kwamba ugonjwa utaendelea. Wengi wa fani hii waliitaja siku ile kuwa miongoni mwa siku mbaya kabisa kwa wanaofuata mwenendo wa bei. Ukurasa wa sifuri mbili haukuwa na mahali pa kuliandika dau hilo.

Nne: utulivu unazaa mkopo, na mkopo unazaa hatari mpya

Wiki ya tarehe 6 hadi 10 Agosti 2007 ingetosha peke yake kuizika imani hii. S&P 500 ilimaliza wiki ikiwa juu kwa takriban asilimia 1.4, ingawa Alhamisi ilianguka karibu asilimia 3. Anayetazama soko kwa fahirisi angesema ilikuwa wiki ya misukosuko iliyoisha salama. Lakini mifuko iliyojitangaza kuwa haiegemei soko, inayochagua hisa kwa kompyuta na kusawazisha kila kitu, ilipata hasara kubwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mfuko mmoja wa Goldman Sachs, Global Equity Opportunities, ulipoteza takriban asilimia 30 ndani ya siku chache, na tarehe 13 Agosti benki hiyo na wawekezaji wengine waliuingizia dola bilioni 3.

Amir Khandani na Andrew Lo wa MIT walichunguza kilichotokea kwa kuiga mkakati rahisi wa kununua na kuuza hisa kwa bei za siku zile. Maelezo yao yanayoaminika zaidi ni haya: mfuko mmoja au zaidi, pengine kwa kuhitaji fedha za kuziba hasara za mahali pengine, ulifunga haraka kapu lake la hisa. Kufunga maana yake ni kuuza ulizonunua na kununua ulizouza. Kwa kuwa wengine walikuwa na vigezo vilevile, walikuwa na hisa zilezile pande zilezile. Walizonunua zikashuka, walizouza zikapanda, bila habari yoyote kuhusu kampuni zenyewe. Wakaumia, wakapunguza, na kupunguza kwao kukawaumiza waliofuata. Ijumaa bei zilirudi kwa kasi. Waliovumilia walirudishiwa sehemu kubwa. Waliofunga Alhamisi jioni walibaki na hasara kamili.

Beta haikuhusika, wala sekta. Mikataba ya fahirisi haingeweza kusaidia, kwa sababu fahirisi haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa nani mwingine ana hisa zako, na amekopa kiasi gani.

Hapa ndipo sifuri mbili zinapogeuka kuwa chanzo cha hatari. Mfuko uliosawazishwa una matokeo tulivu na madogo. Faida ya asilimia 2 au 3 kwa mwaka haimvutii mtu, hivyo meneja anakopa ili ikue. Benki inatazama utulivu huo na inakubali. Katika mfano wetu wa mwanzo, milioni 25 zinabeba hisa za milioni 100. Hisa zilizonunuliwa zikishuka asilimia 3 na zilizouzwa zikipanda asilimia 3, jambo linalowezekana kabisa katika siku tatu za namna ile, hasara ni milioni 3, sawa na asilimia 12 ya mtaji. Khandani na Lo walipofanya hesabu yao walichukua mkopo mzito zaidi, wa dola 8 za hisa kwa kila dola 1 ya mtaji. Kwa kiwango hicho hasara ileile ni asilimia 24.

Dalili huonekana mapema kwa anayezitafuta. Ada ya kuazima hisa unazouza hupanda, maana wengi wanaziazima. Hisa ulizonunua na ulizouza huanza kuachana kwa mwelekeo wa kukuumiza siku ambayo hakuna habari. Na idadi ya siku unazohitaji kufunga kapu lote bila kusukuma bei huongezeka. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana kwenye beta.

Najua jibu ninaloandaliwa: bila kinga, hali ingekuwa mbaya zaidi. Sijamwambia mtu aache kinga. Ninachokataa ni kinga iliyopunguza hatari moja kuuzwa kama imeondoa hatari, kisha ikatumiwa kama dhamana ya kukopea na kama sababu ya kutoza ada ya ustadi.

Nairobi pia ina sababu ya kusikia haya. Soko la NSE lilizindua mikataba ya bei ya baadaye Julai 2019, ikiwemo ya fahirisi ya NSE 25, na tayari wapo wanaotamani kunakili mfumo huu. Lakini Safaricom imewahi kuzidi nusu ya thamani ya soko zima, na ndiyo kampuni pekee katika sekta yake. Huwezi kuisawazisha na mwenzake kwa sababu hana mwenzake. Hisa nyingine nyingi hazibadilishi mikono kila siku, na bei isiyosogea huifanya beta ionekane ndogo kuliko ilivyo. Sifuri itakayoandikwa hapo itakuwa dhaifu kuliko ya New York.

Kwa mjumbe wa bodi ya pensheni atakayeletewa ukurasa huo: dai jedwali moja la sekta lililohesabu mikataba ya fahirisi pamoja na hisa. Dai beta iliyopimwa kwenye matokeo halisi ya mfuko, siku za anguko zikiwa peke yake. Dai kuambiwa mfuko ungepoteza kiasi gani wiki ya Agosti 2007 na tarehe 9 Novemba 2020 ukiwa na hisa na mkopo wa leo, na ungechukua siku ngapi kuufunga. Asiyeweza kukupa hayo, usimkabidhi fedha za wastaafu.